Saa yenye faida inayoliwa na makato: utatuzi wa majaribio ya majira katika bei ya bitkoini

Ukipakua bei za bitkoini za kila saa kwa miaka mitatu, ukazigawa kwa saa 24 za siku na kwa siku saba za wiki, lazima utapata saa moja inayong'aa kuliko nyingine na siku moja inayoizidi wiki nzima. Katika kundi lolote la nambari kuna iliyo kubwa kuliko zote, hata kama nambari hizo zimetoka kwenye kurusha shilingi. Swali ni kama hiyo saa au siku uliyoipata ni tabia ya soko, ni kosa la saa ya kompyuta, au ni bahati tu. Na ikiwa ni tabia ya soko, swali la pili ni kama inatosha kulipa makato ya kununua na kuuza.

Nitashika mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: jozi ya BTCUSDT, yaani bitkoini kwa sarafu ya USDT inayofuata dola, katika soko la Binance, mishumaa ya saa moja moja, ambayo kila mmoja hubeba bei ya kufunguka, ya juu, ya chini na ya kufungwa. Data yake hupatikana bure kwenye data.binance.vision, na soko lake halifungi Jumamosi wala Krismasi. Kwa hesabu za mfano nitachukua myumbo wa asilimia 60 kwa mwaka, kiasi cha kawaida kwa bitkoini. Ukiugawa kwa kipeuo cha pili cha saa 8,760 unapata mchepuko wa asilimia 0.64 kwa saa. Ukiugawa kwa kipeuo cha pili cha siku 365 unapata asilimia 3.14 kwa siku. Miaka mitatu inakupa mara 1,095 za kila saa ya siku, lakini Jumatatu 156 tu.

Tofauti hiyo ya 1,095 na 156 ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Majira ya saa na majira ya siku, yaani tabia ya bei kujirudia saa ileile au siku ileile, huanguka kwa sababu mbili tofauti, na anayeyapima yote kwa kipimo kimoja huishia kutafuta tatizo mahali lisipokuwepo.

## Dalili: siku yako nzuri ni Jumatatu, ya mwenzako ni Jumanne

Kabla ya kugusa takwimu, shuku saa. Kuna watoaji wa data wanaoandika tarehe ya mshumaa kwa wakati ulipofunguka, na wengine kwa wakati ulipofungwa. Mshumaa wa Jumatatu uliofunguka saa 00:00 UTC hufungwa Jumanne 00:00, kwa hiyo bei zilezile zinaweza kubeba majina mawili ya siku. Binance hutoa wakati wote wawili katika safu tofauti. Safu ya kwanza ni ya kufunguka, na hiyo ndiyo ya kutumia.

Njia rahisi ya kuhakiki ni kutafuta siku ambayo kila mtu anaijua. Alhamisi tarehe 12 Machi 2020 bitkoini ilianguka karibu asilimia 40 kwa siku moja ya UTC. Katika jedwali lako la mishumaa ya siku anguko hilo liwe Alhamisi. Likitokea Ijumaa, tarehe zako ni za kufungwa. Likigawanyika katika siku mbili, saa yako haiko kwenye UTC.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna mtego wetu. Siku ya UTC huanza wakati kwetu ni saa tisa usiku, na mshumaa wa 22:00 UTC huanza saa saba usiku ya Dar es Salaam na Nairobi, saa sita usiku ya Lubumbashi, saa nane usiku ya Maskati. Mtu akisoma kwamba "saa ya 22:00 ina faida", akaenda kwenye skrini ya simu inayoonyesha saa za nyumbani na kutafuta 22:00, anaangalia mshumaa ulioanza saa tatu kabla. Na mshumaa wa 22:00 wa Jumatatu ya UTC huanza wakati kalenda ya ukutani kwake inasema Jumanne. Weka kila kitu kwenye UTC, na ugeuze kuwa saa za nyumbani siku ya kuweka oda tu.

Hitilafu nyingine iliingia kimyakimya. Faili za soko la papo hapo za Binance hadi mwisho wa 2024 zina wakati wenye tarakimu 13, yaani milisekunde. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 zina tarakimu 16, yaani maikrosekunde. Ukisoma zote kwa `unit="ms"`, programu italalamika kwamba tarehe imepita mipaka, na hapo una bahati. Balaa ni pale ulipoandika `errors="coerce"` ili kunyamazisha makosa: safu zote za 2025 na kuendelea zinageuka tupu na kutoweka katika mgawanyo wa saa bila kukuambia. Hesabu idadi ya mishumaa kwa kila mwaka. Kila mwaka kamili uwe na takriban 8,760.

```python
t = df["open_time"].astype("int64")
t = t.where(t < 10**14, t // 1000)
df["ot"] = pd.to_datetime(t, unit="ms", utc=True)
df["saa"] = df["ot"].dt.hour
df["siku"] = df["ot"].dt.date
df["r"] = np.log(df["close"] / df["open"])
```

## Dalili: faida ipo miezi ya baridi, kisha inahamia saa ya jirani

Bitkoini haina saa za kazi, lakini watu wanaoinunua wanazo. Soko la hisa la New York hufunguka saa 9:30 asubuhi ya huko, ambayo ni 14:30 UTC wakati wa baridi na 13:30 UTC wakati wa kiangazi, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2024 walisogeza tarehe 10 Machi na tarehe 3 Novemba. Takwimu za mfumuko wa bei za Marekani hutoka 8:30 asubuhi ya huko, na uamuzi wa riba wa benki yao kuu hutangazwa 2:00 mchana wa huko. Yote yanahama kwa UTC.

Kwa hiyo tabia inayofuata saa ya New York, ukiipima kwa UTC, inagawanyika katika safu mbili jirani na kila moja inaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Kinyume chake nacho kipo: tabia inayotokana na kitu cha UTC, kama malipo ya mikataba isiyo na tarehe ya kuisha yanayofanyika 00:00, 08:00 na 16:00 UTC, haihami kabisa. Tengeneza safu ya pili ya saa:

```python
df["saa_ny"] = df["ot"].dt.tz_convert("America/New_York").dt.hour
```

Kisha linganisha. Kilele kikiwa kikali zaidi kwa saa za New York, chanzo chake kiko kwa Wamarekani. Kikiwa kikali kwa UTC, angalia mambo ya soko lenyewe: kufungwa kwa mshumaa wa siku, malipo ya mikataba, programu zinazopanga upya akiba kila usiku wa manane wa UTC. Ukiona vyote viwili vinalingana na huwezi kuvitenganisha, huenda huna kilele; una kelele.

Safu ya kiasi kilichouzwa ni mlinzi mzuri hapa. Kiasi cha biashara huinuka wazi wazi New York inapofunguka, na uinuko huo ni imara kuliko jambo lolote utakalolipata kwenye faida. Ukiuona saa 17:00 badala ya 14:00, data yako iko kwenye saa za Nairobi.

## Dalili: thamani ya t ni 2.3 na umeshaanza kufurahi

Kila mwanafunzi wa takwimu amefundishwa kwamba t, yaani wastani uliogawanywa kwa kosa lake sanifu, ikizidi 2 jambo si bahati. Hiyo ni kweli kwa saa moja uliyoichagua kabla ya kuangalia data. Ukiangalia saa 24 na kuchukua iliyo bora, uwezekano wa angalau moja kuvuka mpaka wa asilimia 5 kwa bahati tupu ni karibu asilimia 71. Ukiunganisha saa na siku, "Jumanne saa 15:00" na wenzake, una vyumba 168, na vyumba vinane hivi vitakuonyesha ushindi ambao haupo.

Tiba ninayoiamini kuliko kurekebisha mpaka kwa kanuni ya kitabuni ni kuuliza data yenyewe: kama saa zisingekuwa na maana yoyote, saa bora ingekuwa bora kiasi gani? Chukua kila siku, zungusha saa zake 24 kwa hatua ya nasibu, kisha tafuta saa bora katika data hiyo bandia. Rudia mara elfu kadhaa. Kwa kuzungusha badala ya kuchanganya ovyo, mfuatano wa bei ndani ya siku unabaki karibu ulivyokuwa, na mwelekeo wa jumla wa soko kupanda au kushuka unabaki vilevile pande zote mbili. Hilo la mwisho ni muhimu: katika mwaka wa kupanda, saa nyingi huwa na wastani chanya kwa sababu ya mwelekeo huo tu, na watu huziita "saa nzuri".

```python
R = df.pivot(index="siku", columns="saa", values="r").dropna().to_numpy()

def kilele(X):
    return (X.mean(0) / (X.std(0, ddof=1) / np.sqrt(len(X)))).max()

rng = np.random.default_rng(7)
bandia = []
for _ in range(2000):
    k = rng.integers(0, 24, len(R))[:, None]
    idx = (np.arange(24) + k) % 24
    bandia.append(kilele(np.take_along_axis(R, idx, axis=1)))
print(kilele(R), np.quantile(bandia, 0.95))
```

Nambari ya pili ndiyo mpaka wako halisi. Kwa saa 24 tarajia iwe jirani na 3, wala si 2. Saa yenye t ya 2.3 haijafika.

Wengine hujitetea kwamba saa hiyohiyo inaonekana katika Etha, Solana na sarafu nyingine kumi, kwa hiyo imethibitika mara kumi na mbili. Sarafu hizi hupanda na kushuka pamoja na bitkoini; ni mashahidi kumi na wawili waliosimuliwa kisa na mtu mmoja. Ushahidi wa kweli unatoka kwenye muda mwingine, si kwenye sarafu nyingine ya muda uleule.

Na muda huo mwingine usiuchague kwa kuangalia grafu yako. Tumia mpaka ambao soko lenyewe limekupa: tarehe 11 Januari 2024, siku mifuko ya bitkoini ya soko la papo hapo ilipoanza kuuzwa katika masoko ya hisa ya Marekani. Tafuta saa yako kwa data ya kabla ya hapo tu, ipime baada yake, mara moja. Ukirudi kurekebisha kitu baada ya kuona matokeo, kipindi hicho cha pili kimekwisha kazi, kwa sababu nacho umeshakitumia kuchagua.

## Dalili: ukitoa siku tano, faida yote inatoweka

Panga mabadiliko ya saa yako kuanzia kubwa kabisa, ondoa matano ya juu na matano ya chini, hesabu tena. Wastani ukishuka nusu au zaidi, ulichokipata si ratiba bali ni matukio. Saa za 18:00 na 19:00 UTC hushukiwa zaidi, kwa sababu ndipo matangazo ya riba ya Marekani yanapoangukia, mikutano minane ya kawaida kwa mwaka. Mtu anaweza kudhani amegundua "saa ya jioni" kumbe amegundua mikutano michache ambayo soko lilipenda ilichosema. Angalia pia mediani: wastani chanya ukiwa na mediani iliyo sifuri ni onyo.

## Dalili: takwimu zimekubali, akaunti inapungua

Hii ndiyo dalili inayowaleta wengi kwenye mwongozo kama huu, na inastahili hesabu kamili.

Tuseme umepita hatua zote. Saa ya 22:00 UTC katika jaribio lako ina wastani wa asilimia 0.06. Nimeichagua saa hiyo kwa sababu husemwa sana. Kiasi ni cha mfano. Mchepuko ni asilimia 0.64, mara 1,095, kwa hiyo kosa sanifu ni 0.64 gawanya kwa 33.1, yaani asilimia 0.0193. Thamani ya t ni 3.1. Imevuka mpaka wa kuzungusha. Kitakwimu umeshinda, na ukizidisha 0.06 kwa siku 365 unaona karibu asilimia 22 kwa mwaka kwa kushika bitkoini saa moja tu kila siku.

Sasa lipa. Ada ya mwanzo ya soko la papo hapo la Binance ni asilimia 0.1 kila upande. Kununua na kuuza ni asilimia 0.2 kwa mzunguko mmoja. Toa kwenye 0.06: unabaki na hasara ya asilimia 0.14 kila siku. Kwa mwaka ni kama asilimia 51 kabla ya kuhesabu kwamba mtaji unapungua kadiri unavyoendelea. Makato peke yake, bila soko kusogea hata kidogo, yangekula zaidi ya nusu ya mtaji: 0.998 ikizidishwa yenyewe mara 365 ni 0.48.

Unahamia kwenye mikataba isiyo na tarehe ya kuisha, ambako ada ya mwanzo ni asilimia 0.05 ukichukua oda iliyopo, na 0.02 ukiweka oda ya kusubiri. Kwenye skrini yameandikwa `Taker` na `Maker`. Kwa kuchukua, mzunguko ni 0.10, na unapoteza 0.04 kwa siku. Kwa kusubiri pande zote mbili, mzunguko ni 0.04, na kwa mara ya kwanza unabaki na kitu: asilimia 0.02 kwa siku, kama 7.3 kwa mwaka.

Wengi husimama hapo na kufungua akaunti. Lakini pima tena t ya kilichobaki, si ya kilichokuwepo kabla ya makato. Makato hayapunguzi myumbo. Kosa sanifu ni lilelile 0.0193. Kwa hiyo t ya baada ya makato ni 0.02 gawanya kwa 0.0193, yaani 1.04. Ushahidi uliokuwa mzito kuhusu saa yenyewe ni hafifu kabisa kuhusu faida yako. Swali "je, saa hii ni tofauti na sifuri?" na swali "je, saa hii ni tofauti na makato?" ni maswali mawili, na jaribio la kwanza halijibu la pili.

Kwa hiyo andika ripoti yako kwa kuanzia na nambari moja: gharama ya mzunguko ambayo ikizidi, faida imekwisha. Kwa mfano wetu ni 0.06. Ukitaka t ya angalau 2 baada ya makato, gharama yako isizidi 0.02 kwa mzunguko mzima. Linganisha nambari hiyo na daraja la ada unalolipa wewe, si lile la mtu mwenye biashara ya mamilioni kwa mwezi.

Usisahau malipo ya mikataba. Ukirefusha kushika kutoka 22:00 hadi saa 00:00 kamili, unaweza kukutwa ndani wakati wa kulipa. Kiwango cha kawaida ni asilimia 0.01 kwa kila saa nane, nusu nzima ya ile 0.02 uliyobaki nayo, na soko likiwa na joto huwa zaidi, kwani wanaoshikilia upande wa kupanda ndio wanaolipa. Toka dakika kadhaa kabla, na jaribio lako litumie bei ya dakika hizo, si ya saa kamili.

Kodi nayo ni gharama ya mzunguko inapotozwa kwa thamani badala ya faida. Kenya ilitoza asilimia 3 ya thamani ya mali ya kidijitali inapohamishwa kuanzia Septemba 2023, kisha mwaka 2025 ikaifuta na kuweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada ya mtoa huduma. Tanzania ilileta zuio la asilimia 3 kwenye malipo ya uhamisho wa mali za kidijitali kupitia majukwaa mwaka 2024. Pale asilimia 3 inapokugusa kila unapouza, saa yenye asilimia 0.06 haina cha kujadili.

## Dalili: oda za kusubiri zina faida kwenye jaribio, mkononi hazina

Ile 0.02 ya mwisho ilitegemea oda zako za kusubiri zijazwe kila siku. Hazitajazwa. Oda yako ya kununua iko chini kidogo ya soko. Siku ambayo bei inaanza kupanda saa 22:00, yaani siku nzuri, inaondoka bila wewe. Siku ambayo inashuka, inakujaza papo hapo kisha inaendelea kushuka. Unapata siku mbaya zote na baadhi tu ya siku nzuri.

Kulitambua hili kwenye data ya nyuma si vigumu. Pakua mishumaa ya dakika moja. Weka oda ya kufikirika kwa bei ya kufunguka ya 22:00, na uihesabu imejazwa pale tu bei ya chini ya dakika zinazofuata ilipopita chini ya oda yako. Kuigusa hakutoshi, kwa sababu kuna foleni mbele yako. Kisha linganisha wastani wa siku zilizojazwa na wa siku zisizojazwa. Ukiona siku zisizojazwa ndizo zilizobeba faida, umepata jibu. Ukiamua kukimbiza bei kwa oda ya kuchukua pale usipojazwa, rudi kwenye gharama ya 0.05 kwa siku hizo.

## Dalili: Jumatatu inabaki na faida hata baada ya makato

Hapa mambo yanageuka. Jumatatu unafanya mzunguko mmoja kwa wiki. Mizunguko 52 kwa asilimia 0.2 ni asilimia 10.4 kwa mwaka, mzigo unaobebeka. Tuseme wastani wa Jumatatu ni asilimia 0.45 na wa siku nyingine ni 0.10. Baada ya makato unabaki na 0.25 kwa wiki, kama asilimia 13 kwa mwaka. Makato hayajaua kitu.

Lakini kosa sanifu la Jumatatu 156 ni 3.14 gawanya kwa 12.5, yaani asilimia 0.25. Tofauti kati ya Jumatatu na siku nyingine ni 0.35, na kosa sanifu la tofauti hiyo ni kama 0.27. Thamani ya t ni 1.3, kabla hata ya kukumbuka kwamba ulichagua siku bora kati ya saba. Ili tofauti ya ukubwa huo ifikishe t ya 3 ungehitaji Jumatatu 845 hivi, miaka 16. BTCUSDT ilianza kuuzwa Binance Agosti 2017. Jumatatu hizo hazipo.

Watafiti waliokwenda kwa uangalifu waligonga ukuta huohuo. Guglielmo Maria Caporale na Alex Plastun, katika makala yao ya 2019, walipima siku za wiki kwa sarafu kadhaa; bitkoini peke yake ndiyo iliyoonyesha Jumatatu iliyo juu kuliko siku nyingine. Walipoigeuza kuwa biashara, faida ilionekana, ila matokeo mengi hayakutofautika na ya biashara ya nasibu.

Jaribio la nasibu ni rahisi kulifanya mwenyewe: kila wiki chagua siku moja kwa bahati, shika bitkoini siku hiyo, lipa makato yaleyale, na urudie mara elfu kadhaa kwa miaka ileile. Weka matokeo ya Jumatatu katikati ya hayo. Ikiwa kati ya kila wachezaji mia wa bahati, kumi na wanne wamekushinda, Jumatatu yako ni ya kumi na tano. Ulinganifu huu unafaa kuliko kulinganisha na sifuri, maana katika miaka ya kupanda hata anayechagua siku kwa kufumba macho hupata faida.

## Dalili: sarafu ndogo zinaonyesha majira makali kuliko bitkoini

Karibu kila mara hii ni bei ya mwisho inayorukaruka. Bei ya kufunga mshumaa ni ya muamala wa mwisho, na muamala huo ulikuwa ama kwa bei ya mnunuzi ama kwa bei ya muuzaji. Kwa BTCUSDT pengo kati ya hizo mbili ni karibu na sifuri. Kwa sarafu isiyouzwa sana linaweza kuwa sehemu ya kumi ya asilimia au zaidi, na usiku ambapo wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi, mishumaa hufungwa kwenye bei ya chini na inayofuata "hupanda" kurudi katikati. Jedwali linaona saa ya faida; wewe ukinunua, unanunua kwa bei ya juu ya pengo.

Hakiki kwa kutumia katikati ya bei mbili badala ya bei ya mwisho, kama una data ya vitabu vya oda. Kama huna, chelewesha kuingia kwa dakika tano na kutoka kwa dakika tano. Tabia halisi ya saa nzima haipaswi kuumizwa sana na dakika tano. Mrukoruko wa pengo hufa papo hapo.

## Pale makato hayahesabiki

Kuna mtu mmoja ambaye saa ya 22:00 inaweza kumfaa bila kushinda makato: yule ambaye angenunua hata hivyo. Anayenunua bitkoini za dola 100 kila wiki ameshakubali kulipa ada yake. Akiamini wastani wa 0.06, anachofanya ni kuweka oda kabla ya saa saba usiku badala ya baada yake. Kwake swali la makato halipo, na hata t ya 2 inatosha, kwa kuwa akikosea hapotezi kitu cha kudumu. Faida yake ni senti sita kwa wiki, dola tatu na kidogo kwa mwaka. Kama ananunua kwa shilingi kupitia soko la mtu kwa mtu, tofauti ya bei kati ya tangazo moja na jingine kwenye ukurasa uleule huwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi.